Mstari wa 513

Baba yangu hakuwahi kuiamini herufi H. "Hiyo ni herufi ya upepo," alikuwa akiniambia nilipokuwa mdogo. "Leo ipo, kesho haipo. Mtu anakuja Jumatatu na H yake, Alhamisi anakuja bila." Watoto wengine walifundishwa na baba zao kuendesha baiskeli. Mimi nilifundishwa kwamba L na R ni ndugu wanaoazimana nguo, kwamba Dh ikichoka inakuwa Z, kwamba Th ikikosa meno inakuwa S, na kwamba karani asiyejua hayo atamfungulia mgonjwa mmoja kadi mbili, kisha daktari atamtibu nusu mtu.

Alikuwa karani wa masjala katika kituo cha afya kwa miaka thelathini na mmoja. Masjala ni chumba kile cha mwisho kabisa, kilichopita stoo ya ndoo na mifagio, chenye dirisha dogo la kupokelea wagonjwa na makabati ya chuma ya rangi ya kijani yaliyopanda hadi darini. Kila droo ina herufi yake. Watu walimwita Kabati, si kwa unene, maana baba ni mwembamba kama penseli, bali kwa sababu ulikuwa ukimtajia jina tu anakutajia namba, na mkono wake unaenda wenyewe kwenye droo. Mimi nilipoajiriwa hapo hapo, miaka kumi na moja iliyopita, hawakunitafutia jina kwa shida. Nikaitwa Droo.

Nilikulia humo. Baada ya shule nilikuwa napita mbele ya dirisha, naingia kwa mlango wa nyuma, nakaa juu ya boksi la fomu na kula vitumbua huku nikisikiliza mhuri wa tarehe ukigonga. Nakumbuka harufu ya gundi na wino, na vumbi la makaratasi lililofanya kila mtu apige chafya isipokuwa baba. Nyumbani aliendesha masjala ya pili. Makopo ya jikoni yalikuwa na vibandiko: CHUMVI, SUKARI, MAJANI YA CHAI. Mama akimkasirikia alikuwa hasemi neno. Alikuwa anahamishia chumvi kwenye kopo la sukari. Asubuhi baba anaonja chai, anatulia, anaweka kikombe chini taratibu, anauliza, "Nimekosa nini?" Ndiyo yalikuwa magomvi yao. Siku hizi chumvi iko kwenye kopo la chumvi mwaka mzima, na chai ya nyumba ile haina raha. Mama ametangulia miaka miwili sasa.

Baba alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alilijivunia mpaka tukachoka. Kwenye sherehe ya kustaafu alilisema mbele ya wafanyakazi wote, kidole kikiwa juu: "Sijawahi kumfungulia mtu mmoja kadi mbili. Hata mara moja." Mganga mkuu akapiga makofi. Mama, naye alikuwepo, alipiga makofi kwa muda mrefu kuliko wote, huku akicheka mpaka akatafuta leso. Nilidhani ni furaha tu.

Sasa, mwezi uliopita makao makuu walituletea habari kwamba kadi zote zinaingizwa kwenye kompyuta. Kadi za zamani, zile za miaka mitatu ya kwanza ya baba kazini, zilichapwa upya kwenye jedwali moja na vibarua ambao hawakuwahi kumwona mgonjwa hata mmoja. Mistari mia tisa na kumi na miwili, ukiacha ule wa juu wenye vichwa vya safu. Ikajulikana haraka kwamba mna watu waliojirudia. Kazi yetu ilikuwa kuwatafuta, na kusema yupi abaki na yupi afutwe. Waliowekwa "Hai" wangeingia kwenye mfumo mpya na kuanza kupokea ujumbe wa kuitwa kupimwa kila mwaka, mwezi wao wa kuzaliwa. Waliowekwa "Amefariki" wangehifadhiwa kwenye kumbukumbu zilizofungwa. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa kumi alasiri.

Jedwali lenyewe hatukupewa. Kompyuta yetu ni ya kizazi cha makabati, ilikuwa ikilifungua inaganda. Halafu makao makuu hawakutaka mikono mingi ndani ya faili. Kwa hiyo fundi wao wa kompyuta, mwanamke mwenye haraka ambaye hata salamu anaikata katikati, alikuwa anapiga picha za skrini na kutuma kwenye simu ya ofisi. Mistari arobaini na mitano kwa kila picha. Sisi tunaangalia, tunaandika jibu, yeye anatekeleza.

Mganga mkuu akasema, "Mwiteni Mzee Kabati. Wiki mbili tu. Mwandiko ni wake." Akasaini karatasi, baba akarudi kazini akiwa na miaka sabini na mmoja, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata, na kalamu mbili mfukoni. Nilimwona akigusa droo moja moja kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya safari. Nikajifanya natafuta stepla.

Nilizichapisha picha kwenye karatasi kubwa, tukazitandaza mezani. Nilikuwa na hamu ya kumaliza. Nikaanza, "Hapa pamejirudia, mstari wa kumi na nne kutoka juu..."

"Wa kumi na nne kutoka juu ya nini?" Baba alinikatiza. "Ya picha au ya jedwali? Soma namba iliyo pembeni kushoto. Usihesabu kwa kidole, kidole kinaruka."

Namba ya pembeni ilikuwa 104. Nikaandika 104.

Yale yaliyofanana neno kwa neno yalikuwa rahisi. Kadi namba ileile, jina lilelile, kila kitu kilekile: kibarua alichapa kadi moja mara mbili. Hapo unabaki na mmoja wowote, unafuta mwenzake. Ila hata hapo baba alikuwa na maneno. "Andika kwamba yanafanana kwa safu tunazoziona," alisema. "Hii ni picha. Huenda kulia kuna safu nyingine tusizoonyeshwa. Muulize." Nikauliza. Kweli, kulikuwa na safu ya namba ya simu iliyobaki nje ya picha. Tukaomba picha upya. Fundi alijibu, "Sawa," neno moja, na tuliisikia hasira ndani yake.

Mahali pengine namba za pembeni ziliruka kutoka 230 hadi 233. Mimi nisingeona. Baba aliweka kalamu hapo. "Wawili hawa wameenda wapi?" Walikuwa wamefichwa na mtu aliyekuwa akichuja orodha akasahau. Mmoja wao alikuwa nakala ya mstari tuliokuwa tumeupitisha kuwa hauna mwenzake.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa kwa waliofanana nusu nusu. Huyu na L, yule na R, mwaka mmoja, mtaa mmoja, jina la mama moja: mtu mmoja, baki na kadi ya zamani zaidi, kwa kuwa ndiyo yenye historia, na kabla hujafuta ile nyingine uhamishe kila kilichomo ambacho ya kwanza haina. Wengine wawili majina yao yalitofautiana herufi moja, siku moja ya kuzaliwa, mama mmoja. Nikasema kwa mbwembwe, "Futa."

"Futa nani? Hao ni mapacha. Angalia namba za kadi, zimefuatana. Zimefunguliwa asubuhi moja, mama amesimama dirishani na mmoja kifuani na mmoja mgongoni. Mmoja sasa ni fundi viatu pale kona. Unataka kumfuta fundi viatu?"

Nikamwacha fundi viatu aishi.

Na kulikuwa na hii ya Januari mosi. Zamani mtu asiyejua siku aliyozaliwa aliandikiwa tarehe moja Januari. Nusu ya jedwali ilizaliwa siku hiyo. Mimi nilikuwa nimeshaunganisha watu wawili kwa sababu tarehe zao zilifanana. Baba akacheka mpaka miwani ikashuka. "Januari mosi si ushahidi, mama. Januari mosi ni karani amechoka." Sheria yake ilikuwa mambo matatu: jina, tarehe ya kuzaliwa ya kweli, na jina la mama. Yakilingana yote, au mawili na la tatu tofauti yake ikaelezeka, ni mtu mmoja. Pungufu ya hapo unaandika "haijathibitishwa", unaacha mistari yote miwili, unakwenda kutafuta kadi yenyewe droo ilipo.

Siku ya tatu fundi alituletea balaa. Tulimtumia majibu ya picha ya kwanza, akafuta hapo hapo mstari wa 29. Tulipomtumia ya pili, kila namba ilikuwa imepanda moja, na nusura amfute bibi kizee mzima badala ya nakala ya jirani yake. Nilimpigia simu nikiwa nimewaka. Baba akanipokonya simu kwa upole. "Binti yangu," alimwambia fundi, "rudisha uliyoifuta. Usifute chochote mpaka tumalize. Tia rangi tu. Na sisi kuanzia leo tutakutajia namba ya mstari pamoja na namba ya kadi, zikipishana simama. Siku ya kufuta anza na mstari wa chini kabisa ukipanda juu, wa juu hawatahama."

Fundi akasema, "Ahsante, Mzee," na kwa mara ya kwanza akamalizia sentensi: "Shikamoo."

Zilikuwa siku nzuri. Nasema hivi kwa sababu zimepita na ninazitamani. Tulikuwa tunakunywa chai ya rangi kwenye vikombe vilevile vilivyopasuka mikono, na kila mstari kwake ulikuwa mtu. Huyu alikuwa anaimba kwenye foleni. Huyu alikuja na jogoo, akakataa kumwacha nje. Huyu alilia sindano akiwa askari. Niligundua kwamba tangu mama aondoke sikuwa nimemsikia baba akisimulia zaidi ya dakika mbili.

Jambo moja tu lilinikera. Droo ya A hakutaka niiguse. "Niachie mimi, imekaza, itakubana vidole." Droo haijakaza. Naifungua kila siku. Nikadhani ni uzee.

Alhamisi mchana tulimaliza picha zote ishirini na moja. Zilikuwa zimepangwa kwa jina la mgonjwa, A hadi Z. Nikanyoosha mgongo, nikasema, "Bado kitu kimoja. Tumwombe fundi alipange jedwali upya, kwa jina la mama."

"Ya nini?" alisema baba. "Tumemaliza."

"Ya nini? Wewe ndiye uliyenifundisha! Mtu hubadilisha jina lake, hubadilisha mtaa, hubadilisha hata mume, ila mama ni yuleyule. Mwenye H na asiye na H wako picha mbili tofauti, hatuwezi kuwaona pamoja. Tukipanga kwa mama wanakaa jirani."

"Muda hautoshi."

"Ni saa saba, Baba. Mpaka kesho saa kumi."

Aliondoa miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya shati, akaifuta kwa muda mrefu mno. Mimi nilikuwa nimeshatuma ujumbe.

Picha mpya zilipokuja, namba za mistari zimebadilika ila za kadi ni zilezile, nilizipitia peke yangu, maana baba alisema anakwenda kunyoosha miguu uani. Nilipata watu wanne waliotuponyoka, nikafurahi kama nimeokota pesa. Kisha nikafika picha ya kumi na mbili, na jicho langu likagonga jina ninalolijua tangu sijajua kusoma. Jina la bibi yangu, mzaa mama. Lilikuwepo mara mbili, mstari juu ya mstari.

Wa 512: kadi namba 417. Jina la mama yangu, na H yake mbele. Kuzaliwa: tarehe moja Januari. Makazi: kwa shangazi yake. Sababu ya kuja: jino. Hali: Amefariki.

Wa 513: kadi namba 443. Jina la mama yangu, bila H, limeanza na A. Kuzaliwa: tarehe tisa Aprili. Makazi: "Nyumba ya tatu, mlango wa..." halafu kisanduku kimeishia. Sababu ya kuja: "Haumwi. Ame..." nacho kimeishia, safu ilikuwa nyembamba. Hali: Hai.

Tisa Aprili ndiyo siku tuliyokuwa tukimkatia mama keki. Sikuhitaji sheria ya mambo matatu. Nilikaa pale nikiwa nimekishika kiti, nikalisoma lile neno mara nyingi. Hai. Najua ni kibarua tu aliyechapa, na kadi isiyopigwa mhuri wa kifo huandikwa hai. Najua. Lakini nilikuwa na miaka miwili sijaliona jina lake karibu na neno hilo, na machozi yalinitoka bila kuomba ruhusa.

Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Umeiona," alisema.

"Baba, hii ni nini?"

Alivuta boksi la fomu akakaa juu yake, pale nilipokuwa nikikaa mimi. "Mara ya kwanza alikuja na shavu limevimba hivi," alisema, akaonyesha kwa kiganja. "Alikuwa hawezi kufungua mdomo. Shangazi yake ndiye aliyejibu kila kitu. Tarehe hajui, nikaandika Januari mosi. Makazi akataja kwake. Basi. Aling'olewa jino, akaenda zake. Baada ya mwezi mmoja nikamwona tena dirishani, shavu limepona. Akasema amepoteza kadi yake ndogo ya mkononi, hakumbuki namba."

"Ukamtafutia."

"Sikuhitaji kutafuta. Mia nne kumi na saba. Nilikuwa naijua mwezi mzima, nalala nayo, naamka nayo." Alijikuna kidevu. "Nikamwambia, 'Haionekani. Itabidi tufungue mpya, nikuulize maswali upya.'"

Nilimtazama mtu huyu. Kidole juu, mbele ya mganga mkuu. Hata mara moja!

"Nikaondoa H," aliendelea, "kwa sababu msimamizi wangu alikuwa anakagua droo ya H kila Ijumaa. Ya A alikuwa haifikii."

"Na mama alijua?"

"Nilimwambia siku ya harusi. Akaniambia kadi yake ya mkononi ilikuwa kwenye mkoba muda wote ule."

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Baba hakucheka. Alikuwa anaangalia karatasi mezani, ule mstari wa chini.

"Andika haijathibitishwa," alisema polepole. "Jina halilingani. Tarehe hailingani. Makazi yameandikwa tofauti. Kwa sheria yangu hilo ni moja kati ya matatu. Ingekuwa mtu mwingine ungeandika hivyo."

"Ingekuwa mtu mwingine ungenichapa."

"Waache wote wawili, mwanangu. Anamdhuru nani? Mistari mia tisa. Kwenye mstari mmoja yuko hai. Mmoja tu." Alijifuta macho kwa kiganja. "Mimi nimepiga mhuri wa kifo kwenye kadi za watu miaka thelathini na mmoja, sikuwahi kutetemeka. Ule wa mama yako walinipigia wengine. Sasa unataka niseme mimi, kwa mdomo wangu, futa?"

Nakiri hapa: ningemwandikia. Nilishika kalamu kabisa. Mimi ni mwepesi wa hasira lakini mbele ya baba anayelia sina hata kucha. Niliandika "haija", nikasimama. Nikawaza Aprili ikifika mfumo mpya utatuma ujumbe kwenda kwenye simu ya nyumbani: ndugu mgonjwa, unakumbushwa kuja kupimwa. Nikamwona baba akiupokea ujumbe huo peke yake, jikoni, kila mwaka. Sikumwambia. Nilibaki tu na kalamu hewani.

Sijui naye alikuwa anawaza nini. Wagonjwa wawili walikuja dirishani, nikawahudumia, wakaondoka. Kisha akainuka, akaenda kwenye droo ya A, akaivuta. Ilifunguka laini kabisa. Akatoa kadi ya njano bila kutafuta, akaiweka mbele yangu pamoja na miwani yake, kana kwamba mimi ndiye nisiyeona.

"Kabla ya kufuta unafanya nini?" aliuliza.

"Nahamisha."

"Basi hamisha. Picha imekata maneno. Soma kwenye kadi."

Mwandiko ulikuwa wake lakini wa kijana, herufi zimeinama zote upande mmoja kama zinasikiliza. Nilisoma kwa sauti na kuandika jibu. Baki: mstari wa 512, kadi 417, ni ya zamani na ndiyo yenye matibabu yote hadi mwisho. Tarehe ya kuzaliwa, badilisha iwe tisa Aprili, alisema mwenyewe, ile nyingine alisemewa. Makazi, ongeza yaliyo kwenye kadi ya pili: nyumba ya tatu, mlango wa bluu, baada ya bomba, ukifika piga hodi kwa nguvu kwa sababu shangazi hasikii vizuri.

Nilimwangalia baba. "Hayo yote ulimuuliza?"

"Niliuliza mtaa tu. Mengine alijieleza."

Nikafika kwenye sababu ya kuja. Nilidhani nilijua neno lililokatwa. Kwa siku zote zile za picha, kila "Ame" iliyokatwa tuliyoikuta ilikuwa neno lilelile moja. Kadi ilisema: "Haumwi. Amerudi."

"Nilimuuliza anaumwa nini," baba alisema. "Akasema, 'Siumwi.' Nikamuuliza, sasa umefuata nini? Akasema, 'Nimerudi.' Basi. Karani anaandika anachoambiwa."

Niliyaandika. Kisha hali. Hapo kalamu iligoma, na baba aliliona hilo. Akainama juu ya bega langu, akaweka kidole juu ya mstari wa 512, akasema kwa sauti ile ya ofisini, ya dirishani, niliyokuwa nikiisikia nikiwa na vitumbua mdomoni:

"Hali inachukuliwa ya mwisho kuthibitishwa. Amefariki. Mstari wa 513, kadi 443, ufutwe. Aliyeifungua ni mimi. Andika hivyo, karani alijua."

Niliandika hivyo. Akatoa kadi 417 kwenye droo ya H, akazibana zote mbili pamoja kwa pini, akazirudisha humo.

Ijumaa tulituma kila kitu saa nne asubuhi. Fundi alianza chini akapanda juu, kama alivyofundishwa, na kila alipofika penye shaka aliuliza. Kabla ya saa sita alituma picha moja ya skrini, safu zimepanuliwa vizuri, hakuna kilichokatwa, na ujumbe wa sauti. Niliufungulia kwa nguvu ili baba asikie.

"Dada, mstari wa 512. Kwenye sababu mmeniandikia jino, halafu haumwi, halafu amerudi. Na pembeni hali amefariki. Vinapingana hivi. Nibaki na kipi?"

Nilimwangalia baba. Alikuwa anakunywa chai, ameitazama picha kwenye simu, midomo ikisoma taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, jino, haumwi, amerudi, amefariki.

"Mwambie havipingani," alisema. "Mwambie vyote ni vya mtu mmoja."